Nani awe msimamizi: mwenye kiu ya mafanikio au ya mamlaka?

Chukua timu ya mauzo yenye watu wanane na nafasi moja ya usimamizi. Wa kwanza anaongoza kwa mauzo kila mwezi. Ukimpa lengo, huchagua gumu kiasi, lisilo rahisi wala lisilowezekana, kisha anauliza matokeo kabla hujayatoa. Hiyo ndiyo kiu ya mafanikio aliyoieleza mwanasaikolojia David McClelland. Wa pili huuza wastani, lakini kwenye kikao wenzake humsikiliza, na wageni wa kazi humfuata yeye. Huyo ana kiu ya mamlaka.

Wengi humpandisha wa kwanza. Mimi naona ni kosa. Mwaka 1976, McClelland na David Burnham walionyesha kuwa mameneja bora huongozwa zaidi na hamu ya kuwa na ushawishi kwa wengine, yaani kiu ya mamlaka, kuliko hamu ya kufanya vizuri wao wenyewe. Wa kwanza akipewa timu, atamalizia kazi za wenzake mwenyewe, na utaona foleni ya mambo yanayomsubiri yeye. Mpe wateja wagumu na takwimu zake kila wiki.

Wa pili naye mpime kwanza: mpe mgeni mmoja amfundishe. Mgeni akianza kujitegemea, mamlaka yake ni ya kujenga. Akibaki kumtegemea na kumwogopa, usimpe cheo.

McClelland alieleza pia kiu ya tatu, ya urafiki. Mwenye kiu hiyo utamjua kwa kukwepa ugomvi. Usimwache peke yake, wala usimpe kazi ya kuamua ruhusa za watu. Atamwonea huruma mmoja na wengine watalalamika.