Uzoefu wangu: Maswali ya kabla ya darasa yaliyonisaidia kuacha kurudia mhadhara

Nafundisha jiografia ya bahari katika chuo kimoja hapa Mombasa, na kwa mihula miwili sasa nimekuwa nikiwapa wanafunzi usomaji wa nyumbani pamoja na maswali mafupi wanayoyajibu kwa simu kupitia Google Forms, ili saa mbili tunazokutana darasani ziwe za mjadala. Nayaandikia haya walimu wenzangu wanaofikiria kufanya hivyo, kwa sababu muhula wangu wa kwanza ulikwenda kombo na kosa halikuwa la chombo. Maswali yenyewe niliyatunga vibaya.

Mada niliyoanza nayo ilikuwa kujaa na kupwa kwa maji. Niliwapa kurasa nne za kusoma na maswali kumi ya kuchagua jibu: bamvua ni nini, maji mafu hutokea lini, kani gani huyavuta maji, na mengine ya namna hiyo. Takriban darasa zima lilipata tisa au kumi. Asubuhi yake nilipouliza kwa nini maji hujaa mara mbili kwa siku ilhali mwezi hupita juu yetu mara moja tu, hakuna aliyenyanyua mkono, nikajikuta nimeshika chaki na kufundisha zile kurasa nne upya. Kufikia wiki ya nne walikuwa wameng'amua kwamba asiyesoma hapotezi kitu, kwa kuwa mwalimu atayasema yote. Majibu yakaanza kuzunguka katika kundi lao la WhatsApp, nami niliyatambua kwa urahisi: fomu ishirini zilizotumwa ndani ya dakika chache, zote zikiwa na kosa lilelile katika swali la saba.

Hapo kuna jambo la mpangilio ambalo ni dogo lakini lilinigharimu. Ukiigeuza fomu kuwa jaribio, kuna sehemu iitwayo `Release grades`, nami nilikuwa nimeiacha kwenye `Immediately after each submission`, kwa hiyo mwanafunzi wa kwanza kutuma aliweza kuona alama zake na majibu sahihi, kisha akawagawia wenzake. Siku hizi naweka `Later, after manual review`, na majibu hayatoki mpaka darasa limekwisha.

Mpangilio huo, hata hivyo, ulizuia kunakili tu. Ukimya wa darasani ulibaki palepale. Kilichouondoa ni kupunguza maswali kutoka kumi hadi matatu na kuyabadilisha kazi. Mbinu hii si yangu, kwani walimu wa fizikia wa Marekani waliitumia tangu miaka ya 1990: wanafunzi hujibu kabla ya kipindi, mwalimu huyasoma majibu muda mfupi kabla ya kuingia darasani, na kipindi hujengwa juu ya yale aliyoyasoma. Kwa mada ileile ya maji, maswali yangu ya sasa ni haya.

La kwanza: "Kwa mujibu wa ukurasa wa 3, kwa nini upande wa dunia usioelekea mwezi nao hupata maji makuu? Eleza kwa sentensi mbili, kwa maneno yako mwenyewe."

La pili: "Usiku wa mwezi mpevu, mwezi hufika kilele cha safari yake angani karibu na saa sita usiku. Ukisimama kivukoni Likoni usiku huo, unatarajia maji yajae kabisa saa ngapi? Taja saa moja, kisha utoe sababu."

La tatu: "Ni sentensi gani katika kurasa hizi uliyolazimika kuisoma tena, na ni nini kilichokukwaza?"

Swali la kwanza ni la kuhakikisha kwamba kurasa zimefunguliwa, na sina zaidi la kusema juu yake. Uzito uko katika la pili. Jibu lake halimo katika usomaji, na wala haliwezi kupatikana kwa kunakili sentensi, lakini usomaji humsukuma mwanafunzi kwenye jibu fulani: ikiwa mwezi ndio uvutao, basi maji yajae saa sita usiku, mwezi ukiwa juu kabisa. Wengi waliandika hivyo. Wachache walisema ni wakati mwezi unapochomoza. Watatu waliandika saa kumi alfajiri, na mmoja wao akatoa sababu ya mstari mmoja: "Baba ni mvuvi Mtongwe, na bamvua hujaa saa kumi, Mwalimu, sijui kwa nini."

Mwenye saa kumi ndiye aliyekuwa karibu na ukweli, kwani hapa Mombasa, siku za bamvua, yaani zile za mwezi mpevu na mwezi mwandamo ambapo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, maji hujaa karibu na saa kumi za alfajiri na za jioni, na hupwa karibu na saa nne. Muhula wa kwanza ningemtangaza mshindi na kuendelea. Safari hii nilionyesha majibu matatu kwenye projekta bila majina, nikawaacha wajadiliane wawili wawili kwa dakika tano, kisha nikawagawia jedwali la maji la Kilindini ili walithibitishe wenyewe. Wa saa sita usiku walipoona jedwali linawapinga, ndipo lilipozuka swali ambalo mimi nilikuwa nikilifundisha kwa miaka bila kuulizwa: ikiwa kurasa ni za kweli na jedwali ni la kweli, hizo saa nne zimekwenda wapi?

Mjadala huo ulichukua dakika arobaini. Kurasa zile huchora dunia iliyofunikwa maji pande zote, na maji yakimfuata mwezi bila kuchelewa. Lakini katika kina cha mita 4,000 wimbi la maji makuu husafiri takriban kilomita 700 kwa saa, ilhali pale ikweta ni lazima lipite kilomita 1,600 kwa saa ili lisiachwe nyuma na mwezi; tena mabara yamesimama njiani. Kwa hiyo kila bandari ina saa zake, kulingana na umbo na kina cha bahari inayoilisha. Hesabu ya kasi waliifanya wao, nami nilitoa kanuni tu.

Alama naitoa kwa sababu iliyoelezwa, haidhuru saa aliyotaja iwe na makosa. Nilipojaribu kutoa alama kwa usahihi, walirudi kwenye kundi la WhatsApp siku hiyohiyo.

Gharama yake ni muda. Fomu hufungwa saa tatu usiku, na huniwia kama dakika arobaini na tano kusoma majibu ya wanafunzi 38 na kuyapanga kwa aina za sababu. Darasa la wanafunzi mia mbili nisingeliweza kwa njia hii. Huko ningesoma majibu thelathini tu yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu. Swali la tatu nalo huchosha, kwa kuwa wapo wanaoandika "hakuna" kila wiki. Hao sasa nawaomba waandike swali ambalo wangemuuliza mwenzao.

Kasoro nyingine ni kwamba swali zuri la pili huishi muhula mmoja tu. Wanafunzi wa mwaka wa chini wamekwisha kuambiwa habari ya saa kumi, kwa hiyo muhula ujao nitawapa mistari minne ya jedwali la maji iliyofutwa tarehe, wakadirie mwezi una umri wa siku ngapi na waseme wamejuaje.