Iyafoni zangu kupata moto kwenye chaji: upande mmoja ndio ulionistua

Nilizinunua Kariakoo kwa shilingi elfu 35, zile zisizo na waya zenye kikasha chake. Sauti ni safi, besi inatosha, simu zinasikika vizuri hata ndani ya daladala. Ila nataka kuzungumzia joto, maana ndilo lililonifanya niache kutumia upande wa kulia.

Kwa miezi ya mwanzo zilikuwa zinapata uvuguvugu tu. Hilo ni kawaida. Betri ya lithiamu hupokea umeme mwingi mwanzoni mwa chaji, na sehemu ya umeme huo hugeuka joto. Ikikaribia kujaa, umeme unapungua na joto linashuka. Kwa hiyo kikasha kikiwa cha vuguvugu nusu saa ya kwanza, halafu kikapoa kadiri taa inavyokaribia kuonyesha kimejaa, usiwe na wasiwasi. Joto la Dar la Januari nalo linaongeza, na chaja ya kuweka juu bila waya huchemsha zaidi kuliko waya. Mimi huchaji mezani kivulini, si juu ya godoro, kwa sababu betri hizi hazitakiwi kuchajiwa zikishavuka nyuzi joto 45.

Kilichonistua ni kutofautiana. Kushoto kulikuwa vuguvugu, kulia moto kiasi kwamba sikuweza kuishika kwa kubana vidoleni. Pande zote mbili zina betri ya aina moja na zinakula chaji kwenye kikasha kimoja, kwa hiyo joto lao linapaswa kulingana. Nikabadilisha waya na chaja, hali ikabaki vile vile. Nikasafisha vile vichuma vya chaji kwa pamba kavu ya kijiti, kwani jasho na nta ya sikio zikiganda pale umeme hupita kwa shida na vichuma hupata moto. Vilikuwa na ukijani kidogo wa kutu. Nikavisugua vikang'aa, lakini moto ukabaki.

Halafu nikaona mambo mawili yaliyomaliza ubishi. Taa ilishaonyesha imejaa, na saa moja baadaye kulia bado ni moto, wakati haipaswi kuwa inapokea umeme wa maana. Pia mstari wa kiungo cha plastiki ulikuwa umeachana upande mmoja, ukucha ukaingia. Hiyo ni betri iliyovimba. Hapo usijaribu tena kuchaji, usiibane irudi, usiitoboe, na usiivae hata kama bado inapiga muziki. Harufu tamutamu kama ya rangi ya kucha, au kikasha chenyewe kikikataa kufunga, ni sababu tosha ya kuacha siku hiyo hiyo.

Niliiweka kulia kwenye kopo la bati, mbali na nguo, nikaipeleka kwa fundi simu anayekusanya betri mbovu. Muuzaji amekataa kubadilisha, anasema warranti haihusu betri. Kushoto naendelea kuitumia peke yake, na ikiwa kwenye chaji huwa naigusa: vuguvugu mwanzoni, baridi ikijaa.