Kibanda cha abiria barabara ya Pangani: ukuta wameuweka upande usiofaa

Sisemi kwamba kibanda hiki hakina faida yoyote, kwa sababu paa lake halivuji na sakafu yake imeinuliwa vizuri juu ya mtaro. Hata hivyo, kila ninapoketi humo kusubiri gari la kutoka Tanga kuelekea Pangani, hasira hunipanda, na chanzo chake ni ukuta mmoja tu.

Kwa kuwa magari yetu hupita kushoto, kibanda cha wanaokwenda kusini kipo mashariki mwa barabara, na gari hutokea kaskazini. Upande huohuo wa kaskazini ndio waliouziba kwa ubao mkubwa wa tangazo, kuanzia sakafuni hadi darini, ilhali kusini, unakovuma upepo wa kusi na kutuletea mvua za masika, wamepaacha wazi kabisa.

Masika yaliyopita, baada ya magharibi, mvua ilitusukuma sote kwenye kona ya ubao, maana ndipo palipobaki pakavu. Kosta ikatupita. Ilipokuja kusimama mbali, nasi tukaifikia mbio tukiwa tumelowa, konda alitufokea: "Mnajificha halafu mnalalamika! Dereva awaone vipi humo?" Kauli hiyo bado inanichoma. Lakini siku nyingine nilikwenda kusimama usiku upande gari linakotokea, nikaona ncha ya mwavuli tu, bila mtu hata mmoja. Taa ya sola ipo, ila imeelekezwa kwenye tangazo!

Alasiri nayo ina mateso yake, kwani kibanda kinatazama magharibi. Mwezi Machi, saa kumi alasiri, jua huwa limeshuka hadi nyuzi 36 hivi juu ya upeo. Ukingo wa mbele wa paa upo takriban mita 3 kutoka sakafuni, na uso wa mtu aliyeketi upo kwenye mita 1.2, kwa hiyo kivuli kinachofika usawa wa uso husogea nyuma karibu mita 2.5, wakati kibanda chenyewe kina kina cha mita 2. Kivuli chote kinaangukia nyuma ya ukuta, na benchi la chuma linaunguza mapaja. Ukingo ungeshushwa hadi mita 2.3, kivuli kingesogea mita 1.5 tu, magoti yangebaki juani, lakini uso ungepona.

Nilikusudia kukipa alama ya wastani kwa ajili ya lile paa, lakini siwezi tena, maana kibanda kinachomficha abiria asionekane na dereva ni afadhali kisingejengwa. Ubao uhamishiwe kusini uzuie mvua, na taa igeuzwe imulike benchi. Mwenye tangazo hatapoteza kitu, kwa kuwa wote wanaotoka Pangani watalisoma.