TAHADHARI: Muuzaji wa lami anayepima unene kabla ya rola kupita

Wenye barabara za mtaa na vyama vya wakazi pande za Wakiso na Mukono, kuweni macho. Kuna watu wanaouza lami ya moto kwa "sentimita 5", bei kwa mita ya mraba, na kazi inaanza haraka. Mashine ikishatandaza wanamwita mwenyekiti wa LC1, wanachomeka msumari wenye alama ndani ya lami ikiwa bado inafuka moshi, nao unasoma sentimita 5 kamili. Kila mtu anaridhika. Kisha rola inapita, na hakuna anayepima tena.

Lami iliyotoka kutandazwa ina hewa nyingi ndani. Rola ikishaibana, sentimita 5 zinashuka hadi kama 4. Anayetaka 5 za kudumu hutandaza kati ya 6 na 6.3.

Ujanja wenyewe umefichwa kwenye hesabu ya tani. Chukua kipande cha barabara cha mita 120 kwa mita 4, unene sentimita 5:

```
120 x 4 x 0.05 = 24 m³
24 x 2.35 = 56.4 t
24 x 1.9  = 45.6 t
```

Mstari wa pili ndio wa haki. Hapo 2.35 ni tani za mita moja ya ujazo ya lami iliyoshindiliwa. Kwa kawaida huwa kati ya 2.3 na 2.4 kulingana na kokoto, na kiwanda kinayo namba yake kwenye karatasi ya vipimo vya mchanganyiko, kwa hiyo iombeni. Mstari wa tatu ni wa muuzaji wetu: ametumia uzito wa lami iliyolegea, lakini unene anaowaandikia ni wa barabara iliyokwisha. Ukigawa 45.6 kwa 2.35, kisha kwa mita za mraba 480, unapata sentimita 4. Tani 10.8 hazikufika, nanyi mmelipia zote.

Mkimbana atasema msingi umemeza lami. Hilo hutokea kweli, ndiyo maana linaaminika. Msingi ukiwa chini kwa wastani wa nusu sentimita tu, eneo hilo hula tani 5.6 zaidi. Lakini msingi uliomeza lami huonekana kabla ya kazi: vuteni uzi kukatiza barabara kila mita 10, pimeni mashimo, andikeni, muuzaji atie sahihi. Mabonde yajazwe na kushindiliwa kabla lami haijaagizwa. Baada ya hapo nyongeza ya asilimia 3 hadi 5 inatosha, yaani tani 58 au 59 kwa mfano wetu.

Msihesabu kwa tipa. "Tipa la tani 20" ni jina tu. Takeni tiketi ya mizani ya kila safari, yenye namba ya gari, saa, uzito likiwa limejaa na uzito likiwa tupu siku hiyohiyo. Gari lenye kilo 24,860 likijaa na 10,420 likiwa tupu limeleta tani 14.44, manne ya hivyo ni 57.76, na hesabu inakaa sawa. Mtu mmoja asimame pale lami inapomwagwa aandike namba za magari, kwa sababu tiketi moja imewahi kuzunguka mara mbili.

Kama kazi imekwisha na mna shaka, kateni vipande vya duara vya sentimita 10 sehemu tatu, katikati na pembeni, siyo pale fundi anapowaonyesha. Pimeni unene wa lami peke yake, bila udongo ulioganda chini. Kipande kikishakauka kipimeni uzito pia: chenye sentimita 5 kinapaswa kuwa karibu gramu 920. Chenye unene huohuo kikiwa na gramu 825, unene upo lakini lami haikushindiliwa, imefika 2.1 tu, mara nyingi kwa sababu ilipoa njiani au rola ilichelewa. Hiyo hunyonya maji, na mvua za Machi hadi Mei zitaanza kung'oa kokoto. Kipimo hiki cha mezani ni cha kukisia. Cha kubishania pesa ni cha maabara, wanaopima kipande hewani na ndani ya maji.

Kwenye mkataba andikeni "sentimita 5 baada ya kushindiliwa", malipo yafuate tiketi za mizani, na sehemu ya mwisho ya pesa ibaki mikononi mwenu mpaka vipande vikatwe na matundu yazibwe. Muuzaji akikataa neno "baada ya kushindiliwa", msimpe hata malipo ya awali.