Uzoefu wangu: kupima mruko kwa slomosheni ya simu, fremu kwa fremu

Mi nafundisha voliboli ya wasichana na wavulana wa sekondari, na kwa miaka mingi nilikuwa napima mruko kwa chaki ukutani kama wengi tunavyofanya, mtoto anasimama anagusa juu, halafu anaruka anagusa tena, unapima katikati ya alama mbili. Tangu mwaka jana nimehamia kwenye simu, slomosheni ya fremu 240 kwa sekunde, na sasa nimeshapima watoto wa kutosha kusema nilichokiona, kizuri na kibaya.

Wazo lenyewe ni rahisi sana. Mtu akiruka, muda anaokaa hewani ndio unakwambia amepanda kiasi gani, maana nusu ya muda anapanda na nusu anashuka, na kushuka ni kuanguka tu kama jiwe. Kwa hiyo huhitaji kupima umbali wowote kwenye picha, wala kujua kamera iko mbali kiasi gani, unahesabu fremu tu tangu vidole vinaachana na ardhi mpaka vinagusa tena. Ukishapata sekunde za hewani (ziite t), hesabu ni hii:

```
urefu (cm) = 122.6 × t × t
```

Hiyo 122.6 ni nguvu ya uvutano 9.81 imegawanywa kwa 8, halafu ikageuzwa kuwa sentimita.

Mfano wa kweli. Nina binti mmoja mshambuliaji, siku ya kwanza fremu ya kwanza ambayo kiatu kimeachia ardhi kabisa ilikuwa ya 412, na ya kwanza kugusa wakati wa kutua ilikuwa ya 532. Hapo ni fremu 120, gawa kwa 240 unapata nusu sekunde, urefu sentimita 30.7. Akanijia juu, "Kocha, mbona ukutani nilipata 41?" Na alikuwa na haki ya kuuliza. Ukutani tunaanza kupima akiwa amekanyaga nyayo nzima, ila video inaanza kuhesabu pale vidole vinapoachia, na wakati huo kisigino kishanyanyuka na mwili umepanda kama sentimita 10 hivi tayari. Vipimo viwili tofauti, usivichanganye kwenye daftari moja, ukianza na video endelea na video.

Sasa kwa nini slomosheni na sio video ya kawaida? Nilijaribu kwanza na video ya kawaida ya fremu 30, nikaachana nayo siku hiyohiyo. Kwa mtu wa nusu sekunde unapata fremu 15, sawa, sentimita 30.7. Ila fremu 16 ni sentimita 34.9, na katikati ya hapo hakuna kitu! Mtoto afanye mazoezi miezi miwili apande sentimita 2, video ya fremu 30 haitakuonyesha, au itakuonyesha 4 kwa bahati tu. Kwenye 240 fremu moja ni karibu nusu sentimita kwa mruko wa kimo hicho. Ukikosea fremu moja kuruka na moja kutua umekosea sentimita 1, hiyo naishi nayo.

Namna ninavyopiga: simu naiweka chini kabisa, naiegemeza kwenye tofali, mita moja na nusu toka kwa mrukaji, inaangalia viatu na sio uso. Mwanzoni nilikuwa narekodi nimesimama, mwili mzima unaonekana vizuri, lakini ukifika kwenye fremu ya kuachia huoni kama kiatu kipo juu au chini. Ukiwa chini unaona mwanga ukipita chini ya soli, hapo hakuna ubishi. Mwanga ni muhimu pia, napima saa nne asubuhi kwenye uwanja wa wazi, maana jioni chini ya miti kiatu kinakuwa ukungu kwenye fremu mbili tatu na hapo kila mtu anahesabu lake. Kuhesabu nafanya kwenye kompyuta, VLC ukibonyeza `e` inasogea fremu moja moja, ila siku hizi natumia Kinovea, ni ya bure, inakuonyesha namba ya fremu kabisa hivyo unatoa tu namba mbili.

Kilichonisumbua zaidi ni magoti. Kijana mmoja alinipa fremu 146, yaani sentimita 45, wenzake wakashangilia sana. Nikarudia ile video taratibu: anaachia ardhi miguu imenyooka, anatua magoti yamekunjwa na vidole vimeelekea juu. Amechelewesha kugusa ardhi, hajapanda zaidi, na ile hesabu inadhani mwili ulikuwa kwenye kimo kilekile mwanzo na mwisho. Nikamwambia arudie, mikono kiunoni, atue kwa vidole miguu imenyooka ndio akunje baada ya kugusa. Akapata fremu 131, sentimita 36.5. Yani tofauti ya sentimita 9 ni kwa sababu ya kutua tu. Sasa hivi kila mruko naangalia fremu ya kuachia na ya kugusa pamoja, miguu isipofanana naufuta bila kujadili.

Jambo la pili, usiiamini simu kwa maandishi yake. Niliazima simu ya mwenzangu iliyoandikwa 240, nikawa naona kitu cha ajabu, nabonyeza picha inasogea, nabonyeza tena imeganda, nabonyeza inasogea. Ilikuwa inachukua fremu 120 na kuzirudia mara mbili. Pia ukituma video kwenye grupu inabanwa na fremu nyingi zinapotea, mimi nilipoteza mazoezi ya siku nzima hivyo, sasa nahamisha kwa waya tu. Jinsi ya kujua: weka alama mita 1 ukutani, angusha mpira kutoka hapo, upande wa chini wa mpira ukiwa kwenye alama, hesabu fremu ambazo picha inasogea tu, zilizoganda usizihesabu, tangu unaachia vidole mpaka unagusa sakafu. Kwa 240 inatakiwa iwe fremu 108 hivi. Ukipata 54 faili yako ni ya 120, na ukipata namba ambayo haieleweki kabisa achana na hiyo simu.

Kwa mbio nimejaribu mita 30, hapo siipi alama kubwa. Fremu sio tatizo, tatizo ni pembe, simu ikikaa katikati mkimbiaji anaonekana amevuka koni kabla hajaivuka kweli au baadaye, kutegemea yuko njia ya karibu au ya mbali. Inabidi usimamishe fimbo mahali ambapo ukiangalia kwenye simu inafunika mstari wenyewe pale anapopita, na upime upya kila ukisogeza simu. Kwa mimi mwenye saa moja na watoto 20 haiwezekani.

Yule binti nilimpima tena baada ya wiki 8 za kuruka ngazi na kuchuchumaa na mzigo. Mara tatu, nikachukua ya katikati: fremu 126, sentimita 33.8. Zimeongezeka 3 na kosa langu halizidi 1, kwa hiyo nimemwandikia kwenye daftari kwa kalamu, sio penseli.