Miksa ya mkono mmoja jikoni kwangu: miezi minane yangu na wiki tatu za mama

Miksa hii, bomba la sinki linalochanganya maji moto na baridi, nilifungiwa jikoni miezi minane iliyopita. Ni ya mkono mmoja juu, shingo ndefu inayozunguka, na ndani ina katriji, kifaa kinachofungua na kufunga maji, ya kauri ya milimita 35. Kama ningeandika maoni haya kabla mama hajaja kunitembelea, ningeipa nyota tano na maelezo yangu yangekuwa mafupi: haivuji, inafunguka kwa wepesi, inapendeza. Mama amekaa kwangu wiki tatu. Sasa nina mengi zaidi ya kusema, na nyota zimepungua.

Mama ana miaka 74. Jicho moja lina mtoto wa jicho, na vidole vyake vimeanza kukaza. Maji ya bomba ameyajua tangu utotoni, lakini kwa koki ya kuzungusha: kushoto unafungua, kulia unafunga, ukifika mwisho unakaza kidogo. Alama nyekundu na ya buluu kwenye miksa yangu ni kitone kimoja kisichozidi mbegu ya mtama, nusu rangi hii, nusu ile. Mimi mwenyewe hukiona nikiinama.

Asubuhi ya kwanza niliamshwa na mlio wa maji. Nikamkuta jikoni, sufuria imejaa na inamwagika, ameushika mkono wa miksa kwa mikono miwili. Nikamwamkia, akaitikia haraka, kisha akaniambia, "Nimefunga mpaka mwisho, mwanangu, na bado yanatoka."

Kweli alikuwa amefika mwisho. Mkono ulikuwa umezungushwa kulia hadi hauendi tena. Kwenye koki aliyoizoea, hapo maji yangekuwa yamekatika zamani. Kwenye miksa hii, kulia kabisa maana yake ni maji baridi tupu, kwa kasi ileile. Niliposhusha mkono chini na maji yakakata, alinitazama, akauinua tena, akaushusha. Akarudia mara tatu. Halafu akauliza swali ambalo fundi aliyenifungia hakulisema na mimi sikuwahi kujiuliza: "Kwa hiyo huku kuzunguka kazi yake nini?"

Siku hiyo ndipo nilipotafuta kujua kilichomo ndani. Katriji ina visahani viwili vya kauri vilivyosuguliwa vikawa laini kama kioo, vimelaliana. Cha chini hakisogei, kina matundu: moja linaingiza maji moto, moja baridi, moja linatoa. Cha juu kimeshikana na mkono. Ukiinua au kushusha mkono, kisahani cha juu kinateleza na kuongeza au kupunguza maji, na ukizungusha kinabadilisha kiasi cha moto kwa baridi. Kwa hiyo mshikio mmoja umebeba kazi mbili, na kuzungusha, ambako kwenye koki ndiko kufunga, hapa hakufungi kitu.

Nilimweleza hivyo: juu na chini ni wingi, kushoto moto, kulia baridi. Alielewa palepale. Tatizo la pili lilikuwa baya zaidi, na hilo halikutokana na mazoea yake.

Siku ya tatu nilirudi kutoka kazini nikamkuta ameketi na mkono wa kulia ameufunika kwa kitambaa kilicholowa. Mgongo wa mkono ulikuwa mwekundu. Alikuwa ameuweka kwenye maji baridi yanayotiririka muda mrefu, jambo zuri, maana inashauriwa dakika 20, na hapakutoka malengelenge. Nilimwomba anionyeshe hatua kwa hatua alivyofanya.

Alizungusha mkono kushoto kidogo, akauinua, akaweka kidole. Baridi. Akangoja. Bado baridi. Akaona labda nimekosea kumwelekeza, akazungusha kulia. Baridi. Akarudi kushoto, safari hii mpaka mwisho. Baridi vilevile. Akasema moyoni kwamba leo maji moto hayapo, akaingiza mikono kuosha kikombe. Ndipo yakaja, yakiwa moto wa kuunguza.

Niliposikia hivyo nilichukua jagi la lita na saa. Kutoka kwenye hita hadi jikoni kwangu bomba lina urefu wa mita 12 hivi, na kwa unene wake kila mita inabeba takribani gramu 140 za maji. Yaani karibu lita moja na robo tatu za maji yaliyopoa zinakaa kwenye bomba, na ni lazima zitoke zote kabla moto haujafika. Nikizungusha kushoto kabisa na kufungua kwa kasi ya lita tano kwa dakika, hesabu inatoa sekunde 20. Kwa saa zilikuwa 25, kwa sababu bomba lenyewe nalo linanyonya joto kwanza. Nikirudia mkono ukiwa katikati, nusu ya maji yanayotoka ni ya upande wa baridi, kwa hiyo bomba la moto linasogea kwa nusu ya mwendo. Hapo nilingoja sekunde 48.

Tazama sasa mama alivyodanganywa. Alijaribu kitu sahihi, jibu likachelewa, akahitimisha kwamba si sahihi. Akajaribu kinyume chake, akapata jibu lilelile. Kila alichokihisi kidoleni kilikuwa habari ya zamani, maji yaliyokuwa njiani kabla hajagusa chochote. Mtu mwenye akili timamu anayejifunza kwa kupima kwa mkono wake lazima akosee kwenye chombo cha namna hiyo. Sisi tuliozoea hatuoni, kwa kuwa tunazungusha kushoto na kwenda kufanya jambo lingine.

Kwa nini yalikuwa ya kuunguza? Hita yangu nimeiweka nyuzi 62. Kwa maji ya nyuzi 60, sekunde chache tu zinatosha kumuunguza mtu mzima vibaya, na ngozi ya mzee ni nyembamba zaidi. Wazo la kwanza lilikuwa kushusha hita hadi 45, ila sikulifuata. Maji yanayokaa ndani ya tangi kwa joto la vuguvugu ni mahali pazuri pa kuzaliana bakteria wa lejionela, wanaoleta nimonia, na nyuzi 60 ndizo zinazowazuia. Joto la tangi liachwe juu, kinachotakiwa kupunguzwa ni linalotoka bombani.

Na hapa ndipo nilipogundua kitu ambacho kilikuwamo kwenye miksa siku zote. Ukibandua kile kitone cha rangi kwa ncha ya kisu, chini yake kuna skurubu ndogo ya pembe sita. Ukiilegeza kwa spana yake iliyopinda, mkono unachomoka juu. Chini yake, kwenye shingo ya katriji, kwangu kuna pete ya plastiki yenye meno. Hiyo ni pete ya kikomo cha moto. Ukiinyanyua na kuirudisha ikiwa imesogea jino moja au mawili, mkono hauwezi tena kufika kushoto kabisa, unagota kabla. Kwa kazi hiyo hakuna haja ya kufunga maji, mradi usiguse nati inayoshika katriji.

Nilifanya nikiwa na kipimajoto. Bila kikomo, kushoto kabisa ilitoa 61. Meno mawili, 52. Meno manne, 44. Nikajaribu matano, ikawa 40, mama akasema hayatoi mafuta kwenye sufuria. Nikairudisha kwenye manne.

Msiichukue pete hii kuwa zaidi ya ilivyo. Inazuia mahali mkono unapofika, haipimi joto. Mtu akifungua maji baridi mahali pengine nyumbani, presha ya baridi ikashuka, mchanganyiko unapanda hapohapo. Kwangu niliona 44 ikifika 49 choo kilipokuwa kinajaza tangi lake. Kwa nyumba yenye mtoto mdogo au mzee anayeoga peke yake, bafuni ningefunga miksa ya aina nyingine, ile yenye kidhibiti joto ndani. Kwa jikoni, pete inanitosha.

Sheria nyingine tuliyokubaliana ni kwamba kila anayefunga aache mkono umelala kulia. Miksa ya mkono mmoja inakumbuka ulipoiacha. Ukiifunga ikiwa kushoto, anayefuata anafungua moto bila kujua. Mama alifunga uzi mwekundu shinani mwa shingo, upande wa kushoto, kwa sababu kile kitone hakimsaidii.

Nisiidhulumu miksa yenyewe. Katika wiki ya pili mama alianza kuisifu, tena kwa sababu ambayo mimi nisingeifikiria. Vidole vyake haviwezi tena kukaza koki, nyumbani kwake huacha bomba likidondoka au humwita jirani amfungie. Huu mkono anausukuma kwa kiganja, kwa kifundo, hata kwa kiwiko akiwa na unga vidoleni, na maji yanakata papo hapo bila tone. Kauri haina mpira wa kukandamizwa, kwa hiyo haihitaji nguvu. Adui yake ni mchanga, kwani chembe moja ikiingia kati ya visahani inavikwaruza na uvujaji unaanza.

Nyota tatu na nusu. Moja nzima nimeitoa kwa kitone kile cha rangi, kidogo kupita kiasi kwenye chombo kinachoweza kumuunguza mtu. Nusu ni ya karatasi ya maelekezo, ambayo ilichora pete ya kikomo bila neno hata moja la kusema ni ya nini. Fundi bomba naye hakuitaja, nami nimemwambia.

Wiki ya mwisho nilimwona mama akifungua, akiegemea sinki bila kuweka mkono kwenye maji, na bila kuhesabu sekunde kama nilivyomfundisha. Akangoja, kisha akaingiza vyombo. Nikamuuliza amejuaje. "Sikiliza," akasema, "yakiwa baridi yanalia kwa ukali, yakija moto sauti inazama."

Nikafumba macho, akafungua upya baada ya bomba kupoa. Mwanzoni mlio ulikuwa wa juu, wa kuchakacha kwenye bati la sinki. Baadaye ukalainika, ukawa mzito. Nikasema sasa. Mama akaweka kidole. "Eeh," akasema, "ndiyo hayo."