Kuingia kompyuta ya nyumbani kwa Chromebook: njia nne, ipi ulipie na ipi uachane nayo

Nyumbani nina desktopu ya Windows 11 Home, kubwa, nzito, ndio yenye kila kitu, mahesabu ya duka, picha, video za wateja. Nikisafiri nabeba Chromebook ya mtumba ya inchi 11 maana ni nyepesi na chaji inakaa. Shida ni moja tu, kitu ninachokitaka kiko kwenye lile zimwi la nyumbani. Nimezunguka na njia zote ninazozijua, nyingine nikatoa hela, nyingine bure, na hapa nazipanga kuanzia ile ningemwambia mtu aanze nayo mpaka ile ningemwambia asiiguse.

Namba moja: Chrome Remote Desktop (bure)

Usinunue kitu chochote kabla hujajaribu hii. Kwenye kompyuta ya nyumbani unafungua Chrome, unaingia na akaunti yako, unaandika

```
remotedesktop.google.com/access
```

halafu unafuata pale pa kuwasha remote access, kinashuka kifaili kidogo unakisakinisha, unaipa mashine jina, unaweka PIN ya tarakimu sita au zaidi. Basi. Kwenye Chromebook unafungua anwani hiyohiyo kwa akaunti hiyohiyo, unabonyeza jina la mashine, unaweka PIN, skrini ya nyumbani hiyo hapo. Windows Home inakubali bila tatizo, rauta huigusi, Linux ya kwenye Chromebook huihitaji kabisa, kwa hiyo hata Chromebook ya RAM ya 4GB inatosha.

Uzuri wake mwingine ni kwamba inaanza yenyewe Windows ikiwaka, hata kabla mtu hajaingiza paswedi, kwa hiyo mashine ikijirestati kwa apdeti bado unaikuta pale kwenye skrini ya kuingilia. Kuna upande wa kulia kuna kimshale, ukikivuta unapata sehemu ya kupandisha na kushusha faili. Na weka skrini nzima, la sivyo Alt+Tab inaishia kwenye Chromebook badala ya kwenda nyumbani, utajikuta unahangaika bure.

Mapungufu yake yapo mawili yanayoudhi kweli. La kwanza, unachofanya kinaonekana kwenye monita ya nyumbani. Mi nilikuwa Morogoro nasoma barua ya benki, mtoto akanipigia simu ananiambia baba kompyuta inajiendesha yenyewe na imeandika hela. Suluhisho langu ni la kizamani, nazima swichi ya monita kabla sijasafiri, monita ikizimwa kompyuta inaendelea. La pili, desktopu ya 1920 kwa 1080 ukiibana kwenye skrini ya 1366 kwa 768 maandishi yanakuwa kama mchanga, inabidi upandishe ukubwa wa maandishi kule kwenye Windows.

Lakini kinachowaangusha watu wengi sio hayo, ni kompyuta kulala. Ukiona kwenye orodha jina la mashine limefifia limeandikwa Offline, hapo hamna cha PIN wala akaunti, ujue mashine imelala, imezimwa, au intaneti ya nyumbani imekata, na hii njia haiwezi kuiamsha. Kwa hiyo kabla ya kusafiri ingia Settings, System, Power, weka isilale kamwe ikiwa kwenye umeme. Halafu ingia BIOS, ile menyu inayofunguka kabla Windows haijawaka, utafute kile kipengele cha umeme ukirudi, mara nyingi kimeandikwa Restore on AC Power Loss au kitu cha kufanana na hicho, ukiweke Power On. Umeme ukikatika saa nane usiku ukarudi saa tisa, desktopu inajiwasha yenyewe na saa tisa na dakika chache iko Online. Usipofanya hivyo unabaki kumbembeleza jirani aende kubonyeza kitufe.

Na kama una hela ya kutoa, itoe hapa: kile kiyupiesi kidogo cha rauta, cha volti 12, kile wanachouza pamoja na vifaa vya kamera. Angalia tu nyuma ya rauta yako imeandikwa volti ngapi kabla hujanunua, zipo za volti 9 na za 12. Mimi kimenisaidia kuliko programu yoyote niliyowahi kulipia.

Namba mbili: Linux ya ndani ya Chromebook + Tailscale + SSH (bure)

Hii ni ya pale unapotaka faili, sio skrini. Tailscale inaziunganisha mashine zako kana kwamba ziko kwenye mtandao mmoja wa nyumbani, na SSH ndio mlango wa kuingilia kuchukua faili. Kufungua desktopu nzima kwa bando ili uchukue faili moja ni kama kuhamisha kabati kwa ajili ya soksi.

Unawasha Linux kwenye Settings, About ChromeOS, Linux development environment. Inakuja Debian ndani ya kontena, chaguo la kawaida la nafasi ni 10GB, ukipanga kushusha mavideo ongeza. Hapa ndipo RAM inapoanza kuwa na maana, 4GB itakwenda ila itakuwa inapumua kwa shida ukiwa na tabu nyingi za Chrome, 8GB ni raha. Ukifungua Terminal unaandika

```
curl -fsSL https://tailscale.com/install.sh | sh
sudo tailscale up
```

Itakupa linki, unaifungua kwenye Chrome, unaingia na akaunti, umemaliza. Kompyuta ya nyumbani nayo unaiwekea Tailscale kwa akaunti hiyohiyo, na kwenye Optional features za Windows unaongeza OpenSSH Server halafu unaiwasha kwenye Services, iweke Automatic. Andika `tailscale status` kwenye Chromebook utaona mashine zote na namba zao, zinaanza na 100. Angalia hapa usichanganye, kontena lenyewe la Chromebook nalo lina namba ya 100.115.92, hiyo ni ya ndani tu haihusiani na nyumbani, mi nilipoteza jioni nzima najipigia mwenyewe.

Mfano halisi, mteja alitaka video ya harusi na mi niko njiani. Mtandao wa hoteli unakata kila baada ya dakika kumi. Nikaingia hivi, mstari wa pili unauandika ukishaingia ndani:

```
sftp asha@100.84.12.7
get -a Videos/harusi.mp4
```

Hiyo `-a` ndio siri yote. Mtandao ukikata unaingia tena unarudia mstari uleule na inaendelea pale ilipoishia, haianzi mwanzo. Faili ikimaliza unaiona kwenye apu ya Files, sehemu ya Linux files, unaituma kama faili nyingine yoyote. Ilikata mara nne, ikafika.

Ukiambiwa Permission denied na una uhakika na unachoandika, kuna mambo mawili. Ile PIN unayoingilia Windows ukiwa nyumbani haifanyi kazi huku, inatakiwa paswedi kamili ya akaunti. Na jina la mtumiaji sio lile refu unaloliona kwenye skrini, fungua C:\Users uone folda yako inaitwaje, ukiwa na akaunti ya Microsoft mara nyingi ni herufi tano za mwanzo za imeili. Fanya jaribio ukiwa bado nyumbani, Chromebook ikiwa kwenye hotspoti ya simu na sio wai-fai ya nyumbani, ndio utajua kweli inafika.

Mtego mmoja wa mwisho: Tailscale kwa kawaida inataka kila mashine ijithibitishe upya baada ya siku 180. Desktopu ikifikisha siku hizo nawe uko mbali inanyamaza kimya. Ingia kwenye ukurasa wao wa mashine, bonyeza vidoti vitatu vya desktopu, chagua Disable key expiry.

Namba tatu: kulipia Windows Pro, utumie Remmina

Windows Home haikubali kupokea Remote Desktop ya Microsoft, ni Pro na kupanda. Kupandisha kutoka Home kwenda Pro ni dola 99 kwa bei ya Marekani. Ukishaipata, kwenye Linux ya Chromebook unaweka Remmina, programu ya kufungulia hiyo Remote Desktop,

```
sudo apt install remmina remmina-plugin-rdp
```

unapitia ileile Tailscale ya juu, unaandika namba ya desktopu, unachagua itumie ukubwa wa skrini ya Chromebook. Na hapo utaona tofauti, maandishi yanajipanga kwa skrini yako ndogo badala ya kubanwa, na monita ya nyumbani inajifunga, mtoto haoni kitu. Kwa mtu anayeshinda humo saa sita kila siku na ana siri za watu, hela inarudi. Kwa mtu wa mara mbili kwa wiki hapana, nunua kile kiyupiesi. Zile namba za leseni ya Pro za bei ya chips zinazouzwa mitandaoni mimi niliwahi kununua, ikafanya kazi miezi miwili ikafa, na muuzaji akafa nayo.

Namba nne: kufungua porti kwenye rauta

Yaani kuiambia rauta imruhusu mtu wa nje aingie moja kwa moja mpaka kwenye desktopu. Usifanye. Kwanza kwa laini nyingi haitafanya kazi kabisa, kwa sababu mtandao unawarundika wateja wengi nyuma ya anwani moja. Utajua kwa kufungua ukurasa wa rauta ukaangalia WAN IP, ikianza na 10, au iko kati ya 100.64 na 100.127, ujue kutoka nje hakuna anayeweza kukufikia moja kwa moja hata ufungue porti zote. Pili, ukibahatika ikafunguka, porti 3389, ile ya Remote Desktop, ikiwa wazi inabishwa hodi usiku na mchana na vibaka wanaojaribu paswedi.

Kama ndio unanunua Chromebook yenyewe

Mtumba nyingi zilikuwa za mashule ya nje. Pale dukani iwashe, uangalie kama kuna maandishi ya Managed by na jina la shule. Ikiwepo iache hapohapo hata ikiwa bei ya kutupa, maana ukiifuta yote ukiunganisha intaneti inarudi mikononi mwa shule, na shule inaweza kuwa imezuia Linux, namba mbili na tatu ukazikosa zote. Ikiwa safi, ingia kwa akaunti (sio Guest, kwa Guest Linux haiwaki), fungua About ChromeOS, Additional details, usome tarehe ya mwisho ya apdeti. Halafu mwambie muuzaji akuwashie Linux mbele yako kwa bando lako, mkiwa mmekaa, kabla hela haijatoka mfukoni. Na kabla ya kuondoka futa akaunti yako kwenye zile ambazo hukuzinunua.